Kabla na baada ya ndoo ya maji

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mweupe kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Weupe wenyewe ulikuwa wa unga. Uji ulimmwagikia jikoni, bibi yake akakoroga unga wa ngano na ute wa yai, akampaka, kisha wakambeba mbiombio kuja zahanati ninakofanya kazi, pembezoni mwa mji wa Morogoro. Hadi wanafika, unga ulikuwa umekauka na kushika kama ganda. Jeraha la moto lililofunikwa namna hiyo huwezi kujua limezama kiasi gani, kwa hiyo sikuwa na budi kuliosha. Nililainisha lile ganda kwa maji ya dripu, nikawa nalibandua kipande kwa kipande kwa shashi. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka.

Aliyemshika miguu wakati nikiosha alikuwa dada yake, mwanafunzi wa darasa la sita, bado kavaa sare ya shule. Tulipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nesi, kwani hatukutakiwa kumpaka?" Nikamuuliza nani alikuwepo uji ulipomwagika. Akasema ni yeye. Bibi alikuwa nje anaanua nguo, mama alikuwa sokoni.

Swali lile sikulisahau. Nilikuwa nimezoea kuwaelimisha mama zao kliniki, tena mama ambao mara nyingi ajali inapotokea hawapo nyumbani. Aliyepo ni binti wa miaka kumi na miwili mwenye mdogo wake mgongoni na sufuria jikoni. Mwaka uliofuata, nilipotakiwa kufanya mradi wa elimu ya afya kwa ajili ya masomo yangu ya kujiendeleza, nilichagua huduma ya kwanza kwa wanafunzi wa darasa la sita: kuwapima kabla, kuwafundisha kwa muda mfupi, na kuwapima tena baada. Habari za vibali sitazirefusha. Mkuu wa shule alinikubalia, afisa elimu kata akasaini, wazazi wakapelekewa barua za ridhaa, na waliokataa tuliwaheshimu.

Nilichagua mambo manne tu: kuungua, damu ya puani, kidonda kinachovuja damu, na mwenzao anapopatwa na kifafa. Mwalimu wa afya wa shule alitamani niongeze kushtua moyo kwa kukandamiza kifua, kwa kuwa aliwahi kuona kwenye televisheni watoto wa nje wakifundishwa. Ni kweli, mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono pendekezo la kuwafundisha watoto jambo hilo saa mbili kila mwaka kuanzia umri wa miaka 12. Lakini kifua cha mtu mzima kinatakiwa kushuka angalau sentimita 5 kila unapokandamiza, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na watoto wengi wa umri ule hawana uzito wa kufikia kina hicho. Isitoshe, sikuwa na mwanasesere hata mmoja wa kufanyia mazoezi. Nilikuwa na vipindi vinne vya dakika arobaini. Nikaona ni heri mambo manne yaingie mikononi kuliko kumi yapite masikioni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye karatasi ya maswali. Swali la kuungua nililitunga kwa kufuata vitabu: mtu akiungua, afanye nini kwanza? Majibu ya kuchagua niliweka barafu, siagi, spiriti na maji ya kawaida. Nikalijaribu kwa watoto kumi wa darasa jingine, na karibu wote wakapata. Nilifurahi kwa muda mfupi, kisha nikakumbuka lile ganda la unga. Watoto wanaojua jibu namna hii, mbona nyumbani wanafanya vingine? Nikakaa nao chini ya mwembe, kalamu nikaiweka pembeni, nikawauliza, "Kwenu mtu akiungua, mnafanyaje?" Hapo ndipo yalipotoka: dawa ya meno, unga, ute wa yai, asali, majivu, na mmoja akataja manyoya ya sungura. Siagi hakuna aliyeitaja. Katika nyumba nyingi za mtaa ule siagi hainunuliwi, na barafu ni ya kuuza kwenye vifuko. Kwa hiyo kwenye karatasi yangu jibu sahihi lilikuwa limebaki peke yake. Mtoto alichagua maji kwa kuwa ndicho kitu pekee alichokuwa nacho nyumbani, wala hakuwa na ujuzi wowote wa huduma ya kwanza.

Nikaandika upya. Majibu yasiyo sahihi yakawa yale wanayoyaamini kweli: dawa ya meno, unga na yai, asali. Nikaongeza na jibu la "sijui", kwa sababu swali lenye majibu manne humpa hata anayebahatisha nafasi moja kati ya nne, na mimi nilitaka asiyejua aseme hajui. Nikawaambia zaidi ya mara moja kwamba huu si mtihani, hakuna alama, na mwalimu wa darasa hataona karatasi ya mtu. Hata hivyo kuna mtoto alifunika karatasi yake kwa mkono mpaka mwisho, kama anavyofanya kwenye hesabu.

Siku ya kipimo cha awali, karatasi mpya ilinionyesha picha tofauti kabisa na ile ya mwanzo. Dawa ya meno iliongoza kwa mbali. Maji yalichaguliwa na wachache, na hata hao, kwenye swali la pili lililouliza muda, wengi waliandika dakika moja au "mpaka maumivu yapungue". Damu ya puani, karibu darasa zima lilisema kichwa kiinuliwe juu. Kwa kifafa, wengi walitaka kijiko kiwekwe mdomoni, na baadhi waliandika wenyewe pembeni kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Hilo la povu haliambukizi, na kijiko huvunja meno.

Mafunzo yenyewe niliyaanza na kiazi. Asubuhi nilichemsha viazi mviringo nyumbani, nikavifunga kwenye kitambaa nikavibeba. Darasani nilimwita mtoto mmoja aguse kiazi kimoja kwa nje, akasema kimepoa. Nikakikata katikati, mvuke ukapanda. Darasa likanyamaza. Nikawaambia, ngozi ya mdogo wako iko hivyo. Uji umeshafutwa, sufuria imeshaondolewa, lakini joto bado liko ndani ya nyama na linaendelea kuunguza kwenda chini. Ukipaka unga, umekifunika kiazi. Ukipaka dawa ya meno, utahisi baridi kwa sababu ya mnanaa uliomo, lakini huo ubaridi ni wa kuhisi tu, joto halijatoka. Kinachotoa joto ni maji yanayopita juu yake na kuondoka nalo.

Nimewahi kufundisha kwa picha na mabango, na sijawahi kuona jambo likiwaingia watu kama kile kiazi. Miezi baadaye watoto walikuwa bado wananiita "nesi wa viazi".

Kipindi cha pili tulikwenda nje na ndoo ya lita 20. Maelekezo yanasema jeraha la moto lipozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na kwamba kupoza kunasaidia hata kama umechelewa, ilimradi saa tatu hazijapita tangu kuungua. Lakini mtaani kwetu bomba halitoki kila siku. Mtoto ukimwambia "weka chini ya bomba", umemwambia kitu ambacho pengine hana. Kwa hiyo tulipiga hesabu pamoja: ndoo moja ni lita 20, kopo letu linachukua lita moja, basi kopo moja polepole kwa kila dakika linatosha dakika 20. Anayemwaga akimaliza kopo kabla ya dakika kuisha, ana haraka. Chini tunaweka beseni safi, ili maji yakipungua tuyachote tena kabla hayajapata moto.

Nilimpa binti mmoja kopo, mwenzake akanyoosha mkono juu ya beseni, na mvulana mmoja akashika saa yangu. Nikasema, mwageni mpaka mtakapoona dakika 20 zimetimia, mwenye saa asiseme kitu. Akamwaga, akachota, akamwaga. Watoto waliokuwa wameketi kwenye nyasi wakaanza kuongea mambo yao. Binti akabadilisha mkono, akaniangalia, akasema, "Tayari, nesi." Mwenye saa akanyanyua vidole vitatu. Dakika tatu.

Hapo nilielewa kitu ambacho karatasi isingenionyesha kamwe. Mtoto anaweza kuandika "dakika 20" bila kosa na asijue ni muda mrefu kiasi gani. Pale mbele ya kilio cha mdogo wake, dakika tatu zitakuwa kama saa nzima. Kwa hiyo tulimwaga zote ishirini, kwa zamu. Tulifika mwisho tumechoka, vumbi chini limekuwa tope, na yule aliyenyoosha mkono alikuwa anatetemeka kidogo. Nikatumia tetemeko lile kuwafundisha jambo jingine: mtoto mdogo akimwagiwa maji muda mrefu mwili mzima hupoa kupita kiasi, kwa hiyo mwagia palipoungua tu na sehemu nyingine zifunike kanga. Bangili na shanga zitoe mapema, kwa sababu mkono utavimba. Nguo iliyogandana na ngozi usiivute. Malengelenge usiyatumbue. Ukimaliza funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, au mfuko safi wa plastiki, mpeleke zahanati. Kama ni usoni, viganjani, sehemu za siri au kwenye kiungo, au kama eneo ni kubwa kuliko kiganja cha huyo aliyeungua, usisubiri kesho.

Wiki moja baada ya kipindi cha mwisho niliwapa karatasi ileile. Maji yakachaguliwa na karibu kila mtoto, na dakika 20 ziliandikwa kwa herufi kubwa, wengine wamezipigia mstari. Ningeishia hapo, ripoti yangu ingependeza sana. Ningechora nguzo mbili, fupi ya kabla na ndefu ya baada, nikapigiwa makofi.

Bahati nzuri msimamizi wangu alinitaka nilinganishe mtoto na yeye mwenyewe, si darasa na darasa. Kila karatasi ilikuwa na namba badala ya jina, na mtoto alitumia namba yake mara zote mbili. Ilibidi niondoe karatasi za walioandika mara moja tu, kwa maana siku ya pili kulikuwa na watoro, na watoro wa shule ile mara nyingi ni walewale wanaopata shida darasani. Ukiwaacha kwenye hesabu ya kabla na wasiwepo kwenye ya baada, wastani utapanda wenyewe hata kama hukufundisha kitu. Kisha kwa kila swali nikapanga karatasi katika mafungu manne: waliokosa kisha wakapata, waliopata mara zote mbili, waliokosa mara zote mbili, na fungu nililodhani litakuwa tupu, la waliopata mwanzo kisha wakakosa.

Halikuwa tupu. Kwenye swali la damu ya puani kulikuwa na watoto wanne ambao kabla ya mafunzo walisema mtu ainamishe kichwa mbele, na baada ya mafunzo wakaandika alazwe ubavu. Nilikaa na karatasi zile jioni nzima. Kisha nikakumbuka mpangilio wangu mwenyewe: kifafa na damu ya puani niliviweka kwenye kipindi kimoja, kimoja baada ya kingine, na neno "mlaze ubavu" nililirudia kwa nguvu kwa sababu kwenye kifafa ndilo linalomsaidia mgonjwa asipaliwe na mate. Wale wanne waliondoka na kauli moja wakaitumia kwa yote mawili. Wastani wa darasa kwenye swali lile ulikuwa umepanda vizuri tu, na ndani yake wamo watoto wanne niliowaharibia walichokijua. Tangu siku hiyo siviweki tena kipindi kimoja.

Swali hilohilo la pua ndilo lililonifundisha pia tofauti ya kalamu na mkono. Niliwaita watoto mmoja mmoja kwenye chumba cha walimu, nikamwambia kila mmoja: mimi natokwa na damu puani, nisaidie. Karibu wote waliniinamisha mbele, sawasawa. Kisha wakanibana pua, na wengi walibana juu, kwenye mfupa. Pale huwezi kuzuia damu hata ukibana mpaka jioni, kwa kuwa mishipa inayovuja mara nyingi iko chini, kwenye sehemu laini. Karatasi yangu iliuliza "abane pua?" na jibu lilikuwa ndiyo. Wote walipata. Nilirudi darasani, nikawaambia kila mtu ashike pua yake, apande kwa vidole mpaka akutane na mfupa, kisha ashuke mpaka pawe laini, abane hapo, avute pumzi kwa mdomo, na ahesabu dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Jambo la dakika chache, ambalo nisingejua linahitajika kama ningepima kwa kalamu peke yake.

Lazima niseme pia kile ambacho mradi wangu hauwezi kuthibitisha. Sikuwa na darasa jingine la kulinganisha ambalo halikufundishwa. Karatasi ilikuwa ileile, na mtoto akishaona swali mara moja, huenda akaenda kuuliza nyumbani au kwa mwenzake, kwa hiyo sehemu ya mabadiliko huenda imeletwa na kipimo chenyewe. Na wiki moja ni muda mfupi. Niliporudi baada ya miezi mitatu, maji hawakuyasahau, kiazi kiliwashikilia. Dakika ndizo zilizoanza kupungua, kumi kwa huyu, tano kwa yule. Waliokumbuka ishirini walikuwa zaidi wale waliowahi kushika kopo. Waliokaa kwenye nyasi wakitazama walikuwa wamesahau zaidi. Darasa moja ni dogo mno kujengea sheria, lakini sasa nikifundisha nahakikisha kila mkono unashika kopo, hata kama kipindi kitaisha hatujagusa somo jingine.

Siku hiyo ya miezi mitatu ndipo mvulana mmoja alipobaki nyuma wenzake walipotoka. Alinisalimia upya, "Shikamoo nesi," kama vile ndiyo kwanza tunakutana, nikajua ana jambo. Akasema mdogo wake aliunguzwa na chai wiki mbili zilizopita. Yeye alikimbilia ndoo, akaanza kumwaga. Bibi akamnyang'anya kopo. "Alisema maji yatamtoa malengelenge," akaniambia. "Akampaka unga." Nikamuuliza alimwaga makopo mangapi kabla ya kunyang'anywa. Akasema manne. Aliyasema kwa aibu, kana kwamba ameshindwa mtihani.

Nikamwambia makopo manne ni mengi kuliko hakuna, na malengelenge yanaletwa na moto wenyewe. Lakini yeye hakuwa na haja ya kuambiwa hayo. Alijua. Kwenye karatasi yangu alikuwa kwenye fungu zuri kabisa, la waliokosa kisha wakapata. Nilichokuwa sijampa ni maneno ya kumwambia bibi. Katika nyumba zetu mtoto hamfundishi bibi, na mtoto aliyelelewa vizuri akinyang'anywa kopo na mkubwa wake huachia. Nilikuwa nimefundisha kana kwamba mtoto ataungua na kuhudumiwa katika nyumba isiyo na wazee.

Awamu ya pili nilibadilisha mambo mawili. Niliomba siku ya kikao cha wazazi, nikaja na viazi vyangu na ndoo, na safari hii aliyeshika kopo dakika zote ishirini alikuwa bibi mmoja aliyejitolea mwenyewe, watoto wakiwa wameshika saa. Na kwenye karatasi niliongeza swali moja la mwisho lisilo na majibu ya kuchagua, mistari mitupu tu: mkubwa wako nyumbani akitaka kupaka unga, utamwambiaje?

Lile swali halina alama na siwezi kuliingiza kwenye nguzo za kabla na baada, lakini ndilo ninalolisoma kwanza. Kabla ya mafunzo wengi waliliacha wazi, au waliandika "nitanyamaza". Baada, mistari ilijaa. Mmoja aliandika atampigia magoti. Mwingine aliandika atamwomba wampigie nesi simu. Na binti mmoja, kwa mwandiko wa kulala, aliandika: "Bibi, shikamoo. Naomba tumwagie maji kwanza. Tukipaka unga nesi ataubandua, na mtoto ataumia mara ya pili."